Kisogo cha Anti Rozi

Kuna mafuta ya nywele mazito, ya kijani, yanayouzwa kwenye kikopo cha plastiki, ambayo yakiachwa juani huyeyuka na kutoa harufu kali inayokaa puani siku nzima. Wiki iliyopita nilipita mbele ya saluni moja ndogo, mlango ulikuwa wazi, na harufu hiyo ikanifikia kabla sijaona nani amekaa ndani. Nilisimama pale barabarani na begi langu la sokoni. Baadaye niligundua kwamba vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinacheza vyenyewe kwenye mpini wa begi: kushoto, kulia, kati. Kushoto, kulia, kati.

Harufu hiyo ni ya ngazi tano za saruji zilizokuwa kwenye ploti ya Mama Wangari, Kabiro, huko Kawangware. Lakini nikianza na ngazi hamtajua kwa nini nilizihofia, kwa hiyo niwapeleke kwanza Kibera.

Nilizaliwa Kisumu Ndogo. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, na chumba chetu kilinuka omena kiasi kwamba sisi wenyewe tuliacha kusikia harufu yenyewe. Nikiwa na miaka tisa nilimkalisha Mercy, mtoto wa jirani wa miaka mitano, kwenye mtungi wa maji, nikaamua kumsuka matuta. Sikuwa nimewahi kusuka hata kamba. Nilikuwa nimewatazama wakubwa na kuona ni kitu cha vidole tu, na vidole ninavyo. Nilivuta kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilidhani tuta hushikwa na nguvu. Nilipomaliza, nyusi za Mercy zilikuwa zimepanda juu, kama mtoto aliyepewa habari asiyoiamini, na kwenye paji la uso vilikuwa vimeanza kuota vipele vidogo vyekundu.

Mama Mercy alitoka ndani akaona. Hakunipiga. Angenipiga ningesahau. Alimkalisha mwanawe pale pale mlangoni, mbele ya wanawake waliokuwa wanapanga foleni ya maji, akafumua kila kitu, tuta baada ya tuta, huku akisema, "Mungu wangu! Huyu Akoth mkono wake ni wa kufua tu. Wa kusuka hakupewa."

Watu walicheka, na Mercy mwenyewe, machozi bado mashavuni, akacheka. Mimi nililibeba neno lile nyumbani kama habari rasmi. Hakupewa. Sikuwa nimefanya kosa. Nilikuwa nimegunduliwa nilivyo. Tangu siku hiyo mtu akinipa kitana nilimwambia nina mafuta mikononi.

Mwaka uliofuata tulihamia Kabiro, kwa sababu Mama alipata mahali pazuri pa kuuzia karibu na soko la Kawangware. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati vilivyotazamana, bomba moja katikati, na mwishoni nyumba ya mawe ya mwenyewe, Mama Wangari, yenye ngazi zile tano mbele. Mahali pote pale palikuwa shamba la babake. Alituonyesha siku ya kwanza, kidole kikielekea chooni: "Hapo kulikuwa na mparachichi. Nyumba yenu ilikuwa viazi." Alisema bila majuto yoyote, kama mtu anayeeleza kwamba zamani alikuwa mwembamba.

Sasa, Jumamosi alasiri kwenye ngazi zile kulikuwa na treni. Ndivyo walivyoiita. Mwanamke mmoja hukaa ngazi ya juu kabisa, mwingine hukaa ngazi ya pili katikati ya magoti yake, mwingine ngazi ya tatu, hivyo hivyo hadi chini. Kila mmoja anasuka kichwa kilicho mbele yake na wakati huo huo anasukwa na aliye nyuma. Wa juu kabisa hasukwi na wa chini kabisa hasuki, ndiyo maana wiki inayofuata mpangilio hugeuzwa. Hakuna aliyelipa. Sheria ilikuwa moja, nayo Mama Wangari aliitamka tulipohamia, mbele ya mama yangu, kwa uso wa tabasamu: "Hapa tunasukana. Mtoto mdogo tunamsuka bure. Akifika miaka kumi, asiposuka hasukwi."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miezi miwili.

Mama aliondoka nyumbani kabla jua halijatoka na kurudi na mgongo uliokataa kunyooka. Hakuwa na saa za kukaa na kichwa changu. Shule ilipofungwa Desemba, aliniambia waziwazi: "Nyathina, Januari mwalimu hatakubali hicho kichaka. Upate wa kukusuka hapa ploti, ama nakupeleka kwa kinyozi, tunakata." Alisema nyathina, mwanangu kwa Kijaluo, ambalo kwake lilikuwa neno la upendo na pia la kufunga mjadala.

Nywele zangu zilikuwa kitu pekee ambacho watu walinisifia bila kuombwa. Zilikuwa nyingi, nyeusi, na zilifika mabegani zikinyooshwa. Nilikuwa nimezilinda tangu darasa la kwanza. Nililia kidogo usiku huo, kisha nikapiga hesabu: Jumamosi nne kabla shule kufunguliwa.

Mama alijitahidi kunipa moyo. "Wewe unaweza kila kitu," aliniambia. Nampenda kwa hilo hadi leo, lakini halikunisaidia hata kidogo, kwa sababu aliwahi kuniambia vivyo hivyo kuhusu kuimba, na kwaya ya watoto kanisani ilikuwa imeniomba kwa upole nisimame nyuma na kufungua mdomo bila kutoa sauti. Nilikuwa na Mama aliyesema naweza kila kitu na Mama Mercy aliyesema sikupewa, na kati ya hao wawili ni Mama Mercy aliyekuwa na ushahidi.

Jumamosi ya kwanza nilikaa kando ya ngazi, mahali pa kutazamia. Treni ilikuwa fupi kwa sababu wengi walikuwa wameenda ushago, kwao kijijini, kwa Krismasi. Juu alikaa Mama Wangari. Mbele yake Anti Rozi, mpangaji wa chumba cha nne, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla aliyefanya kazi za ndani huko Lavington. Chini yake Nafula, msichana wa rika langu, Mluhya wa chumba cha tisa.

Mama Wangari nilimtazama kama unavyotazama mashine. Vidole vyake havikuonekana. Tuta lilitoka chini ya mikono yake kama maji kutoka bombani. Kumtazama kulinivunja moyo: kadiri alivyosuka vizuri ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba Mama Mercy alisema kweli.

Nafula alikuwa jambo jingine. Aliyekuwa amekaa mbele yake ni Njoki, kitinda mimba wa Mama Wangari. Nafula alisuka ulimi ukiwa nje, akijisemesha kwa sauti: "Moja chini... shika... okota kidogo... ai, nimeokota nyingi. Rudi." Akafumua hatua mbili, si zote, mbili tu, akaendelea. Kucha zake zilikuwa zimetafunwa kama zangu. Muhula uliokwisha alikuwa amefeli hesabu kama mimi. Nilimtazama na kwa mara ya kwanza wazo lilinijia kwamba labda kusuka si kitu mtu anachopewa. Nafula hakuonekana mtu wa kupewa kitu.

"Wewe mwenye nywele," Mama Wangari aliniita bila kuinua macho. "Kuja hapa ushikilie mikia."

"Sijui kusuka."

"Nimesema kusuka? Nimesema mikia."

Mkia ni ile sehemu inayobaki tuta likishafika mwisho wa kichwa, pale shingoni, nywele zikining'inia hewani. Hapo huokoti kitu chochote kutoka kichwani. Unasokota mafungu matatu tu, kushoto, kulia, kati, kisha unafunga ncha kwa uzi mweusi. Hata mtoto wa nasari anaweza kufanya hivyo kwa kamba. Nilikaa kando ya goti la Mama Wangari, nyuma ya Anti Rozi, na mikono ikaanza kutetemeka hata kabla sijagusa.

"Nashindwa," nilisema. "Ona mikono."

Mama Wangari aliitazama mikono yangu kwa makini, kama daktari. "Umekula nini leo?"

"Chai."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Hiyo si kushindwa, hiyo ni njaa. Njoki, mpe mkate." Nilipotafuna, akaongeza, "Na hata ukishashiba ikitetemeka, ni sawa. Yangu ilitetemeka siku ya harusi na bado nilikata keki."

Nilikula. Ilitetemeka bado, ila sasa nilijua ni mikono tu inayotetemeka. Nilifunga mikia kumi na moja. Kila ncha niliifunga kwa fundo ambalo Mama alinifundisha la gunia la omena, lile unalozungusha mara mbili na kuacha kitanzi, ambalo halilegei hata gunia likitupwa kutoka juu ya lori, lakini ukivuta ncha moja linafunguka lote. Mama Wangari alinishukuru kwa sauti ya kawaida, nikaenda nyumbani nikiwa na hakika kwamba nikishaondoka tu atairudia mikia yote.

Ni lazima niwaeleze hili kwa uangalifu, kwa sababu ndilo lililonichukua miaka mingi kulielewa. Nilikuwa nimefanya kazi vizuri, na haikunibadilisha kitu. Kichwani mwangu niliigawa papo hapo: iliyoharibika ni yangu, iliyokaa ni ya Mama Wangari. Jumapili kanisani nilikaa nyuma ya Anti Rozi, nikatazama mikia yake imetulia vizuri juu ya kola ya gauni, na nikajiambia, Mama Wangari amerudia.

Jumamosi ya pili kazi yangu ilikuwa kufumua kichwa cha Anti Rozi. Kufumua ndiyo kazi ya chini kabisa kwenye ngazi zile, hata Njoki aliikataa. Nilichukua kitana cha mkia mrefu, nikashika mkia wa kwanza, nikaona uzi mweusi uliozungushwa mara mbili na kitanzi kidogo pembeni. Fundo la gunia. Mkia wa pili, fundo la gunia. Nilihesabu yote kumi na moja. Anti Rozi alikuwa amelala nayo usiku saba, amepiga deki nyumba ya watu, amefunga kitambaa na kukifungua, amecheka kicheko chake. Hakuna hata moja lililofunguka. Na katika ploti nzima ni mimi na Mama tu tuliofunga namna ile.

Hakuna aliyenisifu wakati huo. Anti Rozi alikuwa anasimulia jinsi mbwa wa tajiri wake anavyopikiwa nyama. Mimi nilishika vile vipande vya uzi mkononi na nikahisi kitu kinasogea ndani yangu, kidogo, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwingine apate kukaa.

"Mama Wangari," nilisema, "naweza kujaribu tuta moja?"

Treni nzima iligeuka, ikiwezekana treni kugeuka ikiwa imeshikana nywele. Nafula alipiga mluzi. "Waah! Fundi wa mikia!"

"Wewe nyamaza," Mama Wangari alimwambia. Kisha akachukua kitana, akagawa nywele za kisogo cha Anti Rozi, chini kabisa, akanitengea kipande chenye urefu wa vidole vitatu. "Hapa. Hapa hata likiharibika anajua Mungu peke yake, na kola."

"Haiya! Na mimi mwenye kisogo?" aliuliza Anti Rozi.

"Wewe ulishawahi kukiona?"

Kicheko cha Anti Rozi kilitikisa ngazi zote. Nikaanza. Tuta la vidole vitatu ni hatua sita au saba za kuokota. Hatua ya nne niliokota nywele nyingi na tuta likavimba kama nyoka aliyemeza panya. Niliganda, nikingoja yale maneno ya Mama Mercy. Mama Wangari aliinama, akaweka kucha mahali pale.

"Kutoka mwanzo hadi hapa ni sawa. Hapa ndiyo umechukua nyingi. Fungua mpaka hapa tu."

Mpaka hapa tu. Mama Mercy alifumua kichwa kizima. Huyu alikuwa ananionyesha kwamba kosa lina anwani, kwamba lina pale linapoanzia, na kwamba kilicho kabla yake bado ni chema na bado ni changu. Nilifungua hatua moja, nikaokota kidogo, nikamaliza. Akanionyesha jambo moja zaidi: vidole vikae karibu na ngozi, viguse kichwa, kwa sababu tuta hushikwa na ukaribu na si na kuvuta. Nilikumbuka nyusi za Mercy. Kumbe sikuwa nimenyimwa mkono. Nilikuwa nimevuta mahali pa kukaribia, na hilo mtu anaweza kuliacha.

Jumamosi ya tatu nilisuka matuta manne ya kisogo na mawili nyuma ya masikio. Yalikaa. Na hapo, kama mtu yeyote aliyefaulu mara mbili mfululizo, nikajiona mkubwa. Jumatano yake nilimvuta Nafula nyuma ya tangi la maji, tukaanza upande wa mbele, pale kwenye paji la uso, ambako Mama Wangari alikuwa amenikataza.

"Polepole," Nafula alisema.

"Nashika ukaribu."

"Hiyo si ukaribu! Unanitoa ubongo, Akoth! Wewe!"

Nilitazama. Nyusi zilikuwa zimepanda. Lilikuwa kosa lile lile la Kisumu Ndogo, nimelirudia mwaka mzima baadaye kwenye kichwa kingine. Nilingoja lile neno linijie, hakupewa, na kweli lilikuja, lakini lilikuta mahali pake pana mtu. Nilikuwa na mafundo kumi na moja na matuta saba. Badala ya kukimbia nilijikuta nauliza, "Imeanza kuuma wapi?"

Nafula alishika kichwa. "Hapa. Kabla ya hapa ilikuwa poa."

Nikafungua mpaka hapo tu.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya mwisho. Jumatatu shule. Mama hakwenda kuuza alasiri ile. Alikuja akasimama karibu na bomba na beseni ambalo halikuwa na kitu, akijifanya anasubiri maji. Mfukoni, niligundua baadaye, alikuwa na hela za kinyozi, tayari.

Treni ilipangwa upya. Anti Rozi alikaa ngazi ya juu. Ngazi ya pili ilikuwa tupu. Ya tatu alikaa Nafula, nywele zake zimechanwa na kupakwa yale mafuta ya kijani, zimefumka kichwa kizima.

"Kichwa chote," alisema Mama Wangari. "Ama useme nusu, mimi nimalize. Chagua."

Hakusema naweza. Alinitengea machaguo mawili ambayo yote yalikuwa ya mtu anayesuka. Nilitazama kichwa cha Nafula. Mwezi mmoja kabla ningeona mlima. Sasa niliona kisogo, ambacho nakijua. Masikio, ambayo nayajua. Juu, ambako ni kisogo kirefu zaidi. Na mbele, ambako nilikosea mara moja na najua nilikosea wapi.

"Chote," nilisema. "Lakini nianze nyuma."

Nilikaa ngazi ya pili. Nilisuka kwa saa tatu kazi ambayo Mama Wangari angeimaliza kwa saa moja. Nilifungua mara tano. Njia moja ya juu ilipinda, na hadi leo Nafula, tukikutana, huiita barabara ya Kibera. Katikati ya kazi nilihisi vidole vizito na vya joto vikiingia kwenye nywele zangu kutoka nyuma, na mkia wa kitana ukichora mstari wa baridi kutoka paji la uso hadi shingoni. Anti Rozi alikuwa ameanza, bila kutangaza, kwa sababu ndivyo treni ilivyo. Nilisikia beseni la Mama likigonga saruji. Alikuwa ameliacha chini na ameenda ndani kuweka chai.

Sikuwa hodari kwa kila kitu baada ya pale. Kwaya iliendelea kunisimamisha nyuma, nao walikuwa sahihi. Imani niliyoipata vidoleni haikupanda hadi kooni. Lakini wiki ya pili ya muhula mwalimu aliandika ubaoni hesabu ya kugawanya, ndefu kama gogo, akauliza nani atajaribu. Mwaka uliotangulia ningechungulia viatu vyangu. Safari hii nilichungulia hesabu, na nikaona ina kisogo: tarakimu mbili za kwanza, zenyewe tu, pembeni. Nikainua mkono. Niliweza hatua ya kwanza na ya pili. Ya tatu nilikosea, na mwalimu akaniuliza kama nataka kukaa.

Niliyaelewa haya nikiwa mtu mzima, nilipoanza kufundisha wengine kazi na kuona jinsi wanavyoondoka wakiwa na sifa mikononi bila kuamini hata moja. Mama Wangari hakunipa ujasiri. Hakuwa na wa kugawa. Alinikatia kazi ya ukubwa ambao ningeweza kuimaliza lakini nisingeimaliza bila kujaribu, akaniacha niione imekaa wiki nzima, kisha akakata kubwa kidogo. Wakati ule niliona tu mwanamke asiyependa maneno mengi, anayenipa kisogo cha Anti Rozi kwa sababu hakuna anayekiona.

Siku ile ubaoni nilimwambia mwalimu sitaki kukaa. Nilichukua kifutio, nikafuta hatua ya tatu, na mbili za kwanza nikaziacha pale zilipokuwa.